Kitunguu, uwatu na vya jikoni kichwani: namna ya kupaka bila kujiunguza

Jumamosi moja ya Oktoba, jua la Dodoma likiwa limeshakaa utosini, mteja wangu aliingia saluni amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Harufu ilitangulia kabla hajaufungua. Usiku uliopita alikuwa amefumua rasta alizokaa nazo wiki saba, akasaga kwenye blenda kitunguu maji kimoja, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na ndimu nzima. Alipaka kichwa chote, akavaa kofia ya nailoni, akalala nayo. Saa sita usiku kichwa kilianza kuwaka. Hakunawa, kwa sababu alishaambiwa kwamba ukiona inachoma ujue dawa inafanya kazi.

Nyuma ya masikio alikuwa na malengelenge. Kwenye paji la uso, pale ukingo wa kofia ulipobana, kulikuwa na mstari mwekundu kama wa mkanda.

Nimesuka nywele mjini hapa miaka kumi na minne, na kichwa cha namna hiyo nakiona mara mbili tatu kila mwaka. Sitamwambia mtu aache kitunguu, maana kina kazi yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyosemwa. Nitaeleza kazi hiyo ni ipi, kinapakwaje, na vipi vya jikoni vibaki kwenye sufuria.

Kwanza jua unatibu nini

Chana nywele zako juu ya kitambaa cheupe, kisha okota zile zilizotoka uziangalie. Nywele iliyong'oka kwenye shina ina kichwa kidogo cheupe upande mmoja, kama punje ya chumvi. Iliyokatika njiani haina kitu, na mara nyingi ni fupi. Wateja wangu wengi wanaosema "nywele zangu hazikui" wanaokota fupi zisizo na punje. Nywele zao zinakua vizuri tu, karibu sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo kwa nywele zetu za kipilipili. Shida ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ileile. Hewa ya huku ni kavu, upepo una vumbi, maji ya bomba yana chumvichumvi na sabuni ya mche haitoi povu la maana. Mtu wa namna hii kitunguu hakimsaidii. Anahitaji utelezi, na hapo uwatu una nafasi yake.

Kama zinatoka na punje nyeupe, tena nyingi na kichwa kizima, rudisha kumbukumbu miezi miwili mitatu nyuma. Ulijifungua? Uliugua homa kali? Ulipungua uzito ghafla? Nywele hungoja hivyo kabla ya kudondoka, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Kama ni za mbele tu na pembeni karibu na masikio, lawama ni zetu sisi wasusi na mikono yetu inayokaza. Dawa ni kulegeza msuko, na mapema, kwa sababu ukichelewa mashina hufa moja kwa moja.

Kinabaki kipara cha duara. Kinatokea ghafla, ukubwa wa sarafu, ngozi yake laini inayong'aa, haina magamba, haiwashi. Hapa mwili wenyewe umeyageukia mashina ya nywele na kuyashambulia. Kipara hiki ndicho kitunguu kilichojaribiwa. Mwaka 2002 madaktari wa ngozi wa Baghdad walichapisha matokeo yao. Watu 23 wenye vipara vya duara walipaka maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, na kufikia wiki ya sita 20 kati yao walikuwa wameota nywele. Wenzao 15 walipaka maji ya bomba, wakaota wawili tu. Walikuwa watu wachache, na kila mmoja alijua anapaka nini kwa sababu harufu ya kitunguu haifichiki. Tena vipara vya namna hii hupenda kupona vyenyewe. Hata hivyo ni kipimo cha kweli. Ila walipimwa watu wenye vipara, siyo watu wanaotaka nywele zifike mabegani.

Kuna jambo jingine kwenye habari hiyo. Madaktari wamezoea kutibu vipara vya duara kwa kuichokoza ngozi makusudi, kwa dawa zinazoleta wekundu kidogo, ili kinga ya mwili iyaache mashina na kushughulikia ngozi. Huenda kitunguu kinafanya hivyohivyo. Kama ni hivyo, muwasho ndiyo njia yake ya kufanya kazi mahali palipo na kipara. Kwenye kichwa kizima chenye afya hakuna cha kuchokozwa, na unachopata ni kidonda.

Tahadhari kwa watoto: duara lenye magamba, lenye vijinywele vilivyokatika kama makapi na linalowasha, hasa kwa mtoto wa shule, ni mapunye. Ni fangasi aliyeingia ndani ya unywele, na maji ya kitunguu hayamfikii. Mtoto anahitaji vidonge vya wiki kadhaa kutoka kwa daktari, na kadiri unavyomchelewesha kwa kitunguu ndivyo anavyowaambukiza wenzake wa darasani.

Jaribu kwenye kiwiko kabla ya kichwa

Paka maji ya kitunguu kwenye kunjo la ndani la kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Acha dakika ishirini, osha, kisha usipafunike. Rudia mahali palepale siku ya pili na ya tatu. Angalia kila asubuhi mpaka siku ya tano.

Tunangoja siku zote hizo kwa sababu ngozi hukataa kitu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuungua, ambako huja haraka, ndani ya dakika au saa chache, na hubaki palepale ulipopaka. Ukipunguza nguvu ya maji au muda, mara nyingi kunaisha. Ya pili ni mzio. Huu huja kwa kuchelewa, siku moja mpaka tatu, unawasha kuliko unavyouma, na unapenda kutambaa: unapaka kichwani, zinavimba kope. Mzio hauondoki kwa kupunguza. Ukishaupata, kila mara utakayorudia utakuja upesi na kwa ukali zaidi. Anayejaribu kwa dakika kumi tu, akaona kimya, akapaka kichwa kizima, amejipima kuungua lakini mzio hajaupima.

Ukiona vipele au muwasho kiwikoni siku ya pili mpaka ya tano, kitunguu siyo chako.

Na kuna vichwa visivyofaa kupakwa hata kama kiwiko kimenyamaza. Ukitia dawa ya kulainisha nywele, ngoja wiki mbili. Dawa ile ni kali kama magadi makali, na inaacha ngozi na mikwaruzo usiyoiona. Ukifumua rasta, ngoja siku nne tano, maana wakati wa kufumua kila mtu hujikuna mpaka raha. Mteja wangu wa Oktoba alipaka saa mbili baada ya kufumua. Hata ndimu peke yake ingemtosha.

Kutengeneza na kupaka kitunguu

Chukua kitunguu chekundu kimoja cha wastani. Hivi vinavyoshuka sokoni Majengo kutoka Singida vinafaa sana, vina maji ya kutosha. Kimoja kinatoa vijiko vitatu mpaka vinne vya chakula, na kwa kipara kimoja utahitaji kijiko tu. Menya, kwaruza kwa kile cha kukwaruzia karoti au twanga kwenye kinu, kisha kamua kwa kitambaa safi cha pamba. Usipake makapi. Vipande vinavyong'ang'ania ngozi ndivyo vinavyochimba vidonda vidogovidogo, na kuvitoa kwenye nywele za kipilipili ni kazi ya mchana mzima.

Kamua na kutumia papo hapo. Kile kinachokutoa machozi kinazaliwa kisu kinapopita, na nguvu yake hupungua kadiri maji yanavyokaa. Maji yaliyolala kwenye chupa dirishani, kwa joto letu, yanachacha, na hapo unapaka kitu kingine kabisa.

Mara ya kwanza changanya kijiko kimoja cha maji ya kitunguu na kijiko kimoja cha maji safi. Chovya pamba, kamua isidondoke, gusa kipara na ukingo wake kiasi cha upana wa kidole. Ukingo wa nywele upande wa uso na nyuma ya sikio paka mafuta ya mgando kwanza, yawe ukuta. Acha dakika kumi, osha kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Usifunike kwa nailoni, wala kilemba kilicholowa. Kufunika kunapandisha joto na unyevu, na kitu ambacho ngozi ingekivumilia wazi kinageuka moto.

Ukiona ngozi imetulia kwa siku tatu, tumia maji matupu ya kitunguu na uongeze mpaka dakika ishirini, mara moja kwa siku, baadaye mara mbili kama unaweza kuishi na harufu. Harufu haitoki kwa ndimu, msijidanganye. Shampuu mara mbili inaipunguza, nyingine utaivumilia. Ukitoka jasho itarudi, hasa kwenye daladala.

Sasa kuisoma ngozi. Joto kidogo na wekundu hafifu unaoisha ndani ya saa moja ni kawaida. Wekundu ambao asubuhi yake bado upo, ngozi inayobana kama imekauka gundi, au muwasho unaokuamsha usiku ni ishara ya kusimama. Simama siku nne, usirudi mpaka ngozi iwe kama ya upande wa pili wa kichwa, na ukirudi, rudi siku moja ndiyo moja hapana. Maji ya manjano yakitoka au ukaona malengelenge, usirudi tena.

Jipe miezi miwili. Piga picha ya kipara kila Jumapili, mahali pamoja, mwanga uleule, na sarafu pembeni kwa kipimo. Macho ya mwenye kipara yanaona nywele kila siku, hata pale ambapo hazipo.

Uwatu ni wa utelezi

Uwatu akina mama wengi wanaujua kwa uji wa mzazi. Ukizilowesha punje zake zinatoa ute, na ute huo ukipakwa kwenye unywele unaufunika, unateleza, chanuo linapita bila kung'oa. Ndiyo maana anayetumia uwatu miezi mitatu anaona nywele ndefu: hazikatiki. Sijaona sababu ya kuamini kwamba unaotesha mpya.

Loweka vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe cha maji usiku kucha. Asubuhi chuja ute kwa kitambaa, ukamue vizuri. Punje zenyewe achana nazo, au tia kwenye mboga. Watu wanaozisaga wakapaka uji wake wote wanaishia kuja kwangu kutolewa chembechembe zilizokauka. Baada ya kuosha nywele, paka ute kuanzia katikati mpaka nchani, chana kwa chanuo la meno mapana, ngoja nusu saa, suuza kabla haujakauka. Ukikauka unakuwa kama wanga uliopigwa kwenye kola ya shati, na unywele uliokakamaa hivyo ukiukunja unavunjika. Kama huna friji, usiuweke zaidi ya siku moja.

Uwatu una sifa ya upole, na kwa walio wengi ni mpole kweli. Lakini ni wa ukoo mmoja na karanga, dengu na kunde. Mwenye mzio wa karanga au dengu asiuguse bila kushauriana na daktari. Yupo mtu aliyeandikwa na madaktari kwamba alipaka uwatu kichwani kwa ajili ya mba, akavimba uso na kubanwa kifua. Mwenye pumu asisage uwatu mkavu wala asikae jikoni unaposagwa, kwa maana vumbi lake peke yake linatosha kumfunga pumzi. Jaribio la kiwiko linamhusu kila mtu.

Vibaki kwenye sufuria

Kitunguu saumu ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Watu wanakiona ni mdogo wake kitunguu maji, basi wanatia zaidi. Kibichi, kilichopondwa na kufunikwa, kinaunguza ngozi kama kemikali ndani ya saa chache, mpaka malengelenge. Makovu yake kichwani ni mahali ambapo nywele hazitaota tena, kwa hiyo unapoteza kilekile ulichokuwa unakitafuta.

Ndimu na limao zina ubaya wa aina yake kwa mkoa wenye jua kama wetu. Maji yake yakibaki kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi inaungua kwa mwanga, na baada ya siku chache inaacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Ukipaka kichwani yanashuka na jasho mpaka pajini na shingoni. Mteja wangu yule, malengelenge yalipokauka, alibaki na michirizi myeusi miwili iliyoshuka kutoka kwenye nywele, mithili ya machozi ya wino.

Mdalasini na mafuta ya karafuu yanaleta mzio kirahisi. Pilipili sina la kuongeza. Magadi yanaufungua unywele kama magamba ya samaki, na baada ya hapo unakatika ukiutazama. Kuhusu tangawizi, watu wanaipenda kwa sababu inachangamsha. Watafiti walikijaribu kiungo chake kikuu kwenye mashina ya nywele za watu maabarani na kwenye panya, wakakuta kinazuia nywele kukua. Mtu anaipaka ili zikue!

Yai halina madhara kwa asiye na mzio nalo, ila usioshe kwa maji ya moto, litaiva kichwani. Mafuta ya alizeti ni yetu, ya bei nafuu, na hayana ugomvi na ngozi, lakini yanakaa juu ya unywele tu. Ya nazi yanapenya ndani na kuukinga usipoteze protini yake wakati wa kuosha, kwa hiyo kama una pesa ya kopo moja nunua la nazi, upake usiku kabla ya kuosha.

Ukishaungua

Osha kwa maji mengi ya baridi ya kawaida, dakika ishirini kamili ukitazama saa, kichwa kimeinama mbele ili yasipite machoni. Kisha shampuu kidogo isiyo na harufu kali, na uache. Usipake dawa ya meno, asali, wala mafuta ya kuchua yenye mentholi. Usisuke mpaka ngozi ipone. Maji ya kitunguu yakiingia jichoni, osha jicho dakika kumi na tano bila kulifikicha. Malengelenge, usaha, homa au uso kuvimba ni vya hospitali siku hiyohiyo, na pumzi ikibana usingoje bajaji ya jirani irudi, tafuta usafiri wowote.

Mwaka jana nilimfuatilia mwalimu mmoja wa Nkuhungu tangu mwanzo. Alikuja na duara moja juu ya sikio la kushoto, laini, ukubwa wa shilingi 200. Nilimtuma kwanza zahanati, wakamwambia siyo fangasi. Kiwiko kilinyamaza siku tano. Wiki ya kwanza alipaka maji yaliyochanganywa, dakika kumi. Wiki ya pili akaenda maji matupu mara mbili kwa siku, na siku ya kumi na mbili akaniambia, "Dada, leo nimeamka kunawasha na bado ni pekundu." Nikamsimamisha siku nne, akarudi siku moja ndiyo moja hapana. Picha ya Jumapili ya sita ilionyesha vinywele vyeupe, vyembamba kama vya mtoto mchanga, vimezunguka ukingo. Ya tisa vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Akafurahi, na mimi nikafurahi, ingawa sote wawili hatuwezi kuapa kwamba visingeota bila kitunguu.

Wiki ya kumi na moja, nikiwa namsuka, kidole changu kilipita mahali laini kisogoni. Duara la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mpaka hapo kitunguu kilikuwa kimefika mwisho wa kazi yake. Vipara vikiongezeka, kupaka nje kunakuwa ni kukimbizana na moshi. Nilimwachia msuko nusu, akaenda kliniki ya ngozi, na huko walimchoma sindano ndogondogo ndani ya kipara chenyewe, za kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Nusu ile ya msuko tuliimalizia Jumamosi iliyofuata, nikiruka kisogo.